Kidonda kisichopona chini ya govi

Saratani ya uume mara nyingi huanza bila maumivu, na hapo ndipo inapowapoteza wengi. Huanzia hasa kwenye kichwa cha uume au upande wa ndani wa govi, ikiwa kidonda kidogo, uvimbe mgumu unaofanana na chunjua, au baka jekundu lisilotoka. Govi likibana na kukataa kurudi nyuma, mwenyewe haoni kitu. Anachogundua ni majimaji yenye harufu mbaya au damu kwenye nguo ya ndani.

Tuseme ni fundi ujenzi wa miaka 52 ambaye hakutahiriwa. Anaona kidonda, anahisi ni kaswende. Zahanati ya mtaani muuguzi ni binti wa jirani, basi anakwenda duka la dawa na kusema kidonda ni cha rafiki yake. Anauziwa vidonge. Baada ya siku chache usaha na harufu vinapungua, maana dawa imeua bakteria waliovamia kidonda, naye anaamini anapona. Saratani yenyewe haijaguswa. Mwezi ujao harufu inarudi, ananunua vidonge vingine. Mkewe anaambiwa ni uchovu wa kazi. Anapofika hospitali mwaka umepita na ana mtoki mgumu kwenye kinena. Huenda saratani imeshafika kwenye tezi.

Kinachotenganisha magonjwa haya ni muda. Kidonda cha kwanza cha kaswende nacho hakiumi, lakini hufunga chenyewe ndani ya wiki 3 hadi 6 hata bila dawa, ingawa ugonjwa unabaki mwilini. Kilichotibiwa ipasavyo kisipofunga katika wiki 4 kinahitaji kukatwa kinyama kidogo, kwa ganzi, kikapimwe maabara. Kukiangalia kwa macho hakutoshi, hata kwa daktari mzoefu.

Wanaume wengi wanajificha kwa kuogopa kukatwa uume wote. Hofu hiyo naielewa, ila ucheleweshaji ndio unaoitimiza. Saratani ikiwahiwa ikiwa juujuu, huenda tohara, dawa ya kupaka au kuondoa sehemu ndogo vikatosha. Ikizama, hukatwa sehemu ya uume au wote, na tezi za kinena huondolewa.

Aliyetahiriwa utotoni ana hatari ndogo sana. Aliyetahiriwa ukubwani hapati kinga kama hiyo. Uvutaji sigara, virusi vya UKIMWI na kirusi cha papiloma huongeza hatari. Saratani haiambukizi, lakini kirusi hicho huambukizwa kwa kujamiiana na ndicho kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, hivyo mke naye akapimwe.

Mapokezi si lazima kueleza yote mbele ya foleni. Inatosha kusema, "Nina tatizo la sehemu za siri, naomba daktari wa kiume." Ukiwa ndani, taja kidonda kilianza lini na dawa zote ulizokwisha kutumia, hata zile za "rafiki".