Aspirini Hutengenezwaje, na Usafi Wake Hujulikanaje?

Kidonge cha aspirini ni kitu kinachouzwa katika kila duka, wala mnunuzi hana haja ya kujiuliza kama unga ule mweupe ni aspirini kweli. Lakini mtu aliyeutengeneza kwa mikono yake hana budi kujiuliza, maana unga mweupe ni mwingi duniani. Katika shule na vyuo vingi wanafunzi wa kemia hufundishwa kutengeneza aspirini kidogo, kisha huandika taarifa ya kazi hiyo, na sehemu iliyo ngumu katika taarifa ile si kutengeneza bali ni kuthibitisha.

Vitu vinavyotakiwa ni viwili. Cha kwanza ni tindikali ya salisiliki, unga mweupe ambao watu wengine huujua kwa kuwa hutiwa katika marhamu za kuondoa sugu na choa. Cha pili ni anhidridi ya asetiki, maji makali yenye harufu ya siki inayochoma puani, ambayo hayafai kuguswa wala kuvutwa pumzi. Vitu hivi viwili vikikutana hubadilishana sehemu: tindikali ya salisiliki huvikwa kipande kilichotoka katika anhidridi na kuwa aspirini, na kinachobaki huwa tindikali ya siki.

Na tuchukue mfano wa mwanafunzi mmoja na kumfuata hatua kwa hatua. Amepima gramu 2.00 za tindikali ya salisiliki, akazitia katika chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, akaongeza sentimita za mjazo 5 za anhidridi, na matone 5 ya tindikali kali ya salfuriki. Matone hayo hayaingii katika aspirini, kazi yake ni kuharakisha tu. Chupa ikawekwa katika maji ya moto ya digrii 50 hadi 60 za sentigredi kwa muda wa dakika 15, mpaka unga wote ukayeyuka. Kisha akaitoa, akaiacha ipoe, akatia maji baridi kidogo kidogo ili kuiharibu anhidridi iliyozidi. Hapo yafaa kuwa mwangalifu, kwa sababu maji na anhidridi hupandisha joto kwa nguvu na mvuke wa siki hutoka. Mwisho akaiweka chupa katika barafu. Fuwele zikikawia kutokea, dawa yake ni kukwaruza upande wa ndani wa chupa kwa kijiti cha kioo, nazo huanza kushika pale palipokwaruzwa.

Alipozichuja na kuziosha kwa maji ya barafu akazipima upesi, akapata gramu 3.05. Sasa hesabu ndiyo inayosema. Kila sehemu 138 za tindikali ya salisiliki haziwezi kutoa zaidi ya sehemu 180 za aspirini. Kwa hiyo gramu 2.00 haziwezi kutoa zaidi ya gramu 2.61. Gramu 3.05 ni kama mtu aliyevuna gunia zaidi ya shamba lake linavyoweza kuzaa. Ziada ile ilikuwa maji tu. Akaziacha zikauke usiku kucha, na asubuhi zikawa gramu 2.30. Mwanafunzi mwema huandika uzito wote wawili, na saa alizopima, badala ya kuuficha ule wa kwanza.

Fuwele hizi bado si safi. Huenda tindikali ya salisiliki kidogo imebaki bila kubadilika, au imerudi katika hali yake ya zamani kwa sababu ya maji. Basi huyeyushwa tena katika spiriti ya moto, kama sentimita za mjazo 6, kisha hutiwa maji ya moto mara tatu ya hizo, na kuachwa zipoe polepole. Aspirini hukaa kidogo sana katika maji baridi, hivyo hujitenga na kushika fuwele upya, na uchafu mwingi hubaki katika maji. Kuharakisha upoaji ni kosa, kwani fuwele zikishika ghafula huufungia uchafu ndani yake. Kuchemsha kwa muda mrefu nako ni kosa, kwani maji ya moto huivunja aspirini yenyewe. Baada ya kukauka, mwanafunzi alikuwa na gramu 1.83, yaani sehemu 70 katika kila 100 za ile 2.61. Alipoteza karibu nusu gramu kwa ajili ya usafi, wala hiyo si aibu.

Lakini je, ni safi? Kipimo cha kwanza ni joto la kuyeyukia. Fuwele chache husagwa na kutiwa katika kijibomba chembamba cha kioo kilichozibwa upande mmoja, kikafungwa kando ya kipimajoto na kupashwa moto taratibu. Mwangalizi huandika namba mbili: joto wakati tone la kwanza lilipoonekana, na joto wakati chembe ya mwisho ilipotoweka. Kitu safi huyeyuka upesi, namba zake mbili zikikaribiana. Kitu kilichochanganyika huanza mapema na kujikokota. Fuwele za mwanafunzi kabla ya kusafishwa ziliyeyuka kati ya digrii 122 na 131. Baada ya kusafishwa ziliyeyuka kati ya 134 na 135.5. Aspirini safi huyeyuka karibu na 135.

Hapo kuna jambo linalowashangaza wengi. Tindikali ya salisiliki peke yake huyeyuka karibu na digrii 159, juu sana kuliko aspirini. Mtu angefikiri kwamba ikichanganywa katika aspirini itapandisha joto la kuyeyukia. Sivyo, hulishusha. Chembe za kigeni huvunja mpango wa fuwele, na fuwele zilizovunjika mpango hazihitaji moto mwingi ili zilegee. Kwa hiyo anayepata 128 asiseme kwamba kipimajoto chake kibovu, kabla hajakijaribu kwa kitu kingine kinachojulikana.

Aidha, aspirini ina tabia mbaya ya kuharibika inapopashwa moto kwa muda mrefu, na inayoharibika huyeyuka mapema. Ndiyo maana vitabu havipatani: vingine huandika 135, vingine hufika 143, kwa kuwa wengine hupasha haraka sana na wengine polepole. Afadhali kuingiza kijibomba wakati joto limekwisha kufika kama 120, kisha kupandisha digrii mbili kwa dakika, na kuandika katika taarifa kwamba ndivyo ilivyofanyika. Namba isiyoeleza mwendo wa moto haimsaidii msomaji.

Tena joto la kuyeyukia halisemi kitu ni nini. Yurea, ile mbolea wanayoijua wakulima, huyeyuka karibu na digrii 133. Ili kuondoa shaka, fuwele mpya husagwa pamoja na aspirini inayojulikana kuwa ya kweli, na mchanganyiko ule ukapimwa. Ukiyeyuka palepale karibu na 135, basi ni kitu kimoja. Ukishuka mbali, ni vitu viwili.

Kipimo cha pili ni cha rangi, nacho ni chepesi sana. Chembe kidogo za fuwele huyeyushwa katika spiriti, kisha hutiwa tone moja la maji ya kloridi ya chuma yenye nguvu ya sehemu 1 katika 100. Tindikali ya salisiliki ina mahali panapoweza kushikana na chuma, na zinaposhikana rangi ya zambarau hutokea mara moja. Katika aspirini mahali pale pamekwisha kufunikwa, kwa hiyo rangi hubaki njano hafifu ya kloridi yenyewe. Mwanafunzi alitumia vijibomba vinne: kimoja chenye spiriti tu, kimoja chenye tindikali ya salisiliki, kimoja chenye fuwele chafu na kimoja chenye fuwele safi. Cha pili kilikuwa zambarau iliyokolea, cha tatu zambarau nyepesi, cha kwanza na cha nne njano. Bila vile viwili vya kwanza, jicho lisingekuwa na kitu cha kulinganisha.

Rangi isomwe papo hapo. Kijibomba cha nne kikiachwa kwa muda mrefu huweza kuanza kugeuka, kwa sababu aspirini huvunjika polepole ndani ya maji. Jambo hilo ndilo linalotokea katika nyumba zenye unyevu: vidonge vilivyoachwa wazi huanza kunuka siki, nayo ni dalili kwamba vimeanza kuharibika. Kipimo hiki pia hakioni kila uchafu. Maji, siki na mabaki ya tindikali ya salfuriki havitoi zambarau hata kidogo. Kwa hiyo vipimo viwili hutumiwa pamoja, na hata hivyo aspirini ya mwanafunzi hailiwi.

Kwamba vipimo hivi si mchezo wa shuleni tu huonekana katika historia ya dawa yenyewe. Mwaka 1869 Mjerumani Karl Kraut aliandika kwamba amepata kitu hiki kwa njia nyingine. Mwaka 1897 Felix Hoffmann, mkemia wa kampuni ya Bayer, aliitengeneza kwa anhidridi, na mwaka 1900 akapewa hataza katika Amerika. Katika hati yake alidai kwamba kitu cha Kraut hakikuwa aspirini. Hoja zake zilikuwa za namna hii hii: maji ya kitu cha Kraut hugeuka zambarau kwa kloridi ya chuma, lakini yake hayageuki, na kitu cha Kraut kikiyeyushwa huganda tena karibu na digrii 118, hali chake hakigandi mpaka karibu na 70.

Washindani wa Bayer hawakukubali, na shauri likafika mahakamani. Mwaka 1905 jaji wa Uingereza, Joyce, aliona kwamba Kraut alikuwa ameipata aspirini ile ile, ijapokuwa ilikuwa na uchafu, na kwamba kuisafisha si kuvumbua kitu kipya; hataza ya Uingereza ikavunjwa. Mwaka 1910 mahakama ya rufani ya Chicago iliutazama ushahidi wa namna ile ile ikaamua kinyume: kitu cha Kraut kilikuwa kichafu, hakikufaa kuwa dawa, na aliyekifanya safi alikuwa amewapa watu kitu ambacho hawakuwa nacho. Hataza ya Amerika ikadumu mpaka ilipokwisha muda wake mwaka 1917.