Sheria Ameitaja Yote, Mwajuma Hajamshauri

Swali la mtihani wa sheria ya mikataba linakuja hivi. Jumatatu, Daudi wa Morogoro anamtumia Mwajuma ujumbe wa simu: "Ile pikipiki yangu nakuuzia 2,200,000. Nakupa mpaka Ijumaa saa 10 jioni." Jumanne Mwajuma anajibu: "Nimeuona ujumbe. Je, naweza kulipa nusu sasa na nusu mwisho wa mwezi?" Daudi anakaa kimya. Jumatano anamuuzia Kassimu pikipiki ileile kwa 2,500,000. Alhamisi asubuhi shemeji yake Mwajuma anamwambia kwamba amemkuta Kassimu kijiweni na hiyo pikipiki, na mwenyewe anasema kainunua. Alhamisi jioni Mwajuma anaandika: "Nimekubali. Nalipa zote taslimu leo." Daudi anamjibu kwamba amechelewa. Mshauri Mwajuma.

Mwanafunzi aliyesoma vizuri anaanza kumwaga. Mkataba ni makubaliano yanayotekelezeka kisheria. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka kuwe na ofa, na ofa hiyo ikubaliwe bila masharti mapya. Katika Hyde dhidi ya Wrench, ya mwaka 1840, ilisemwa kwamba ofa mpya ya mnunuzi inaua ofa ya kwanza. Katika Stevenson dhidi ya McLean, ya 1880, ilisemwa kwamba kuuliza tu hakuiui ofa. Katika Dickinson dhidi ya Dodds, ya 1876, ilisemwa kwamba mtoa ofa anaweza kuiondoa kabla haijakubaliwa. Kurasa tatu zinajaa, mwandiko safi, miaka yote sahihi. Kisha mstari wa mwisho: "Hivyo basi, kutokana na sheria zilizotajwa hapo juu, Mwajuma anaweza kumshitaki Daudi."

Anapata alama chache, anakasirika, anakwenda kwa mwalimu kuuliza amekosea wapi. Kwa kweli hakuna sentensi moja aliyokosea. Ila ametaja kesi mbili zinazovutana, ile ya Hyde na ile ya Stevenson, na hakusema ujumbe wa Mwajuma wa Jumanne unaangukia upande upi. Swali zima lilikuwa hapo.

Wengine, wakishaambiwa hivi, mtihani unaofuata wanahamia kosa la pili: wanakisimulia kisa upya. "Jumatatu Daudi alituma ujumbe, Jumanne Mwajuma akajibu..." Nusu ukurasa umekwisha, na msahihishaji anasoma kitu alichokitunga yeye mwenyewe. Kuitumia sheria ni kuchukua neno moja la kanuni, kulishika pamoja na jambo moja lililotokea, na kusema kwa nini vinalingana au havilingani.

Tuufanye huo ujumbe wa Jumanne. Hyde aliuziwa shamba kwa pauni 1,000, akasema atatoa 950, akakataliwa. Baadaye akasema basi, anatoa 1,000. Mahakama ikamwambia ofa ya kwanza haipo tena, kwa sababu alipotaja bei yake aliikataa ile ya mwenzake. Stevenson naye alipewa ofa ya chuma kwa shilingi 40 kwa tani, ofa iliyoachwa wazi mpaka Jumatatu. Akapeleka simu ya maandishi kuuliza kama muuzaji angekubali chuma kipelekwe kwa muda wa miezi miwili kwa bei hiyohiyo, na kama sivyo, ni muda gani mrefu zaidi angeweza kumpa. Mahakama ikasema hiyo ni kutaka kujua tu, ofa bado ipo.

Sasa mtazame Mwajuma. Bei hakuigusa; 2,200,000 ilibaki 2,200,000. Ameanza na "Je, naweza", maneno ya mtu anayeuliza, na hakusema kwamba bila awamu mbili hanunui. Alichokiulizia ni muda wa kutimiza mpango, kama Stevenson. Kwa hiyo yuko karibu na Stevenson kuliko Hyde, na ofa ya Daudi ilikuwa bado hai Jumanne usiku. Upande wa Daudi nao una neno: kugawa malipo ni sharti zito, na mtu anayeuza pikipiki huenda anahitaji fedha zote mara moja. Mwanafunzi aseme hilo, kisha aseme kwa nini halimshindi. Aya moja kama hii inaleta alama kuliko zile kurasa tatu.

Ahadi ya kusubiri mpaka Ijumaa haituchukulii muda. Mwajuma hakutoa chochote kwa ajili ya kuwekewa nafasi hiyo, wala senti ya kishika nafasi, kwa hiyo Daudi alikuwa huru kuiondoa ofa siku yoyote kabla haijakubaliwa.

Utamu umo kwa shemeji. Wanafunzi wengi humruka kabisa, kana kwamba mtunzi alimweka ili kisa kinoge. Mtunzi wa mtihani hana tabia hiyo. Kuuza pikipiki kwa Kassimu siku ya Jumatano peke yake hakukuondoa ofa, maana Mwajuma hakuwa na habari. Hapa ndipo anapoachana na Stevenson, ambaye alikubali kabla habari ya mauzo haijamfikia. Mwajuma amekubali baada ya kuambiwa. Na Dickinson alishindwa kwa sababu hiyo hasa: mtu mwingine, si muuzaji, alikuwa amemfikishia habari kwamba nyumba inakwenda kwa mnunuzi mwingine.

Je, habari ya shemeji inatosha? Mtu wa ukoo, hana sababu ya kumdanganya, na ameona kwa macho na kusikia kutoka kwa Kassimu mwenyewe. Kwa kipimo cha Dickinson, inatosha, na Mwajuma ameshindwa. Lakini Dickinson ni kesi ya Uingereza, inayoweza kushawishi mahakama zetu bila kuzifunga. Sheria yetu ya Mikataba, iliyofuata ile ya India, inazungumzia taarifa ya kuondoa ofa inayotolewa na mtoa ofa kwa mwenzake. Daudi hakumwambia Mwajuma neno mpaka Alhamisi jioni, baada ya yeye kukubali. Wakili wa Mwajuma atalishika hilo kwa mikono miwili, na mwanafunzi aliyelifikia amelifikia kwa kumfuata shemeji, wala hakulipata kwa kukariri.

Akishinda, pikipiki haipati tena. Iko kwa Kassimu, aliyenunua bila hila. Atadai fidia kwa Daudi, na kipimo chake ni tofauti ya bei ya mkataba na thamani ya pikipiki kama hiyo sokoni. Ikiwa 2,500,000 za Kassimu ndizo bei ya soko, hiyo ni laki tatu. Mwanafunzi wetu aliyeandika "anaweza kumshitaki Daudi" hakufika kwenye laki tatu hizo, ambazo ndizo mteja angetaka kuzisikia kwanza.

Kama una mtoto au mdogo wako anayesomea sheria, mwombe jibu lake la mwisho, ufunike sentensi zote zenye jina la mtu, siku au kiasi cha fedha. Ukikuta kilichobaki kinasomeka vizuri mpaka mwisho na hujaona pengo lolote, mrudishie aandike upya. Na mwambie asiogope kufikia uamuzi tofauti na wa mwalimu: katika kisa hiki anayesema Mwajuma ameshinda na anayesema ameshindwa wote wanaweza kufaulu, mradi kila mmoja ameeleza shemeji amefanya nini katika hesabu yake.