Nembo yetu na bango la mita tatu

Fundi wa mabango alinipigia simu kabla ya kuchapa. "Mzee, nembo yenu ina ukungu. Hamna nyingine?" Hatukuwa nayo. Nembo ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa ilikuwa imezunguka WhatsApp kwa miaka, na faili la asili lilikufa na kompyuta ya aliyeichora.

Picha ya JPG ni vijiraba vya rangi, yaani pikseli, vilivyopangwa kama vigae sakafuni. Yetu ilikuwa na pikseli 300 kwa upana. Kwenye kichwa cha barua, upana wa sentimita mbili na nusu, haikuwa na neno. Kwenye bango tuliitaka iwe na upana wa mita moja na nusu. Gawa milimita 1500 kwa 300: kila kijiraba kinakuwa milimita 5, kama punje ya choroko. Kompyuta ikiambiwa ikuze, hubuni rangi za katikati kuziba mapengo, na hizo ndizo ukungu.

Faili la vekta halina vijiraba. Lina maelezo ya kuchora: kitovu kiko hapa, nusu kipenyo ni kiasi hiki, rangi ni kijani. Ukibadili ukubwa, mchoro huchorwa upya.

Nilianza na njia ya mkato. Inkscape, programu ya bure, ina amri ya Trace Bitmap inayofuatisha picha yenyewe. Duara letu likatoka na kingo za chapati ya mtu anayejifunza kusukuma, na herufi zimevimba. Haishangazi: amri hiyo hufuata kila doa lililoachwa na JPG, haijui kwamba pale palikusudiwa duara. Kwa nembo kubwa na safi inafaa. Kwa chakavu inakuza uchakavu.

Basi nikachora kwa mkono. Niliiweka picha chini, nikaififisha na kuifunga isisogee. Duara nililichora kwa zana ya duara. Jembe nililichora kwa kalamu, nikiweka nukta pale tu mstari unapogeuka, kwa sababu nukta zikizidi mkunjo huanza kutetemeka. Herufi ndizo zilinila muda, mpaka nikapata fonti inayolingana. Baada ya kuandika jina nilitumia Object to Path, herufi zikawa michoro. Vinginevyo kompyuta ya fundi isiyo na fonti ile ingeweka nyingine.

Jihadhari na anayekuuzia "vekta" kwa kupachika JPG ndani ya faili la SVG. Jina la faili hubadilika, vijiraba hubaki. Ifungue, ikuze mara thelathini, utazame ukingo: ukiona ngazi au ukungu, umeuziwa picha ileile.

Fundi nilimpelekea PDF, akachapa. Mwenyekiti, ambaye simu yake haifungui SVG, nimemtolea PNG ya pikseli 2000 kutoka mchoro huohuo.