Shingo kupinda kisha sindano ya Haldol: si uchawi

Tuseme kijana wa Bogoro anasikia sauti ambazo wengine hawasikii. Anapelekwa Bunia, anachomwa sindano ya haloperidoli, ile watu wanaita Haldol, na anatulia. Siku ya pili, nyumbani, shingo inapinda, macho yanageukia juu, ulimi unakuwa muzito. Jirani wanasema amerogwa. Hapana, ni dawa.

Katika ubongo kuna kemikali inaitwa dopamini, nayo inapita njia mbalimbali. Njia moja inagusa mawazo: dopamini ikizidi pale, mtu anaweza kusikia sauti. Njia ingine inaongoza mwendo wa misuli. Haloperidoli, dawa ya zamani iliyotengenezwa Ubelgiji mwaka 1958, inafunga milango ya dopamini kwa nguvu katika njia zote mbili. Sauti zinapungua, lakini misuli nayo inakosa uongozi na inakaza. Vijana wanaume ndio wanapatwa zaidi, hasa siku za kwanza.

Dawa mpya kama olanzapini na risperidoni hazisumbui sana njia ya misuli. Lakini dozi ya risperidoni ikipanda, misuli inaweza kukaza vilevile, na olanzapini inanenepesha.

Kijana huyo arudishwe upesi kwa muganga, mbio zaidi kama anapumua kwa shida. Sindano ya biperideni au prometazini kwa kawaida inalegeza shingo ndani ya nusu saa. Kisha muganga ndiye apunguze dozi ao abadilishe dawa. Familia ikiikata yenyewe, sauti zinaweza kurudi.