Kifaduro: Kwa Nini Kikohozi Hubaki Baada ya Viini Kwisha

Tumchukulie mtoto wa miaka minne wa Ndundu, ng'ambo ya Daraja la Mkapa, aliyeanza kwa mafua mepesi. Wiki ya kwanza hakuna anayeshtuka. Wiki ya pili kikohozi kinageuka: kinamjia usiku kwa mkururo, kimoja juu ya kingine, bila nafasi ya kuvuta pumzi. Uso unamwiva, macho yanamtoka machozi, kisha anavuta hewa kwa mlio mrefu mwembamba na kutapika. Hicho ndicho kifaduro, na wazazi huuliza kwa nini hakikomi hata baada ya dawa.

Jibu limo ndani ya njia ya hewa. Utando wake una seli zilizoota vinyweleo vidogo mno, ambavyo hupiga kuelekea juu mchana na usiku, vikisukuma ute na vumbi hadi kooni, nasi tukaumeza bila kujua. Bakteria wa kifaduro, ambaye Jules Bordet na Octave Gengou walimtenga mwaka 1906, hung'ang'ania papo hapo penye vinyweleo. Anapokua na kugawanyika hudondosha vipande vya ukuta wake mwenyewe, na vipande hivyo ni sumu. Seli zenye vinyweleo husimama, hufa na kubanduka.

Sasa ute mzito umebaki bila mchukuzi, na mwili umebakiwa na njia moja tu ya kuutoa, nayo ni kukohoa. Mtoto hukohoa mfululizo hadi mapafu yakaribie kukauka hewa. Kisha hewa huingia kwa nguvu kupitia koo lililobana, likalia. Mlio ule, basi, si wa kikohozi, bali ni wa pumzi inayorudi.

Dawa za viuavijasumu, kama azithromaisini, huua bakteria na kuzuia maambukizi, na zikianza mapema, wakati ugonjwa ungali unafanana na mafua, huweza kuupunguza. Zikichelewa hazioteshi vinyweleo. Utando hujijenga upya polepole, na kikohozi huweza kudumu wiki nyingi. Hapo kubadilisha dawa kila juma ni kupoteza fedha. Asali nayo asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwani huweza kuwa na viini vinavyomdhuru.

Kichanga ndiye wa kuhofiwa zaidi, kwa sababu huenda asitoe mlio kabisa. Hana nguvu ya kuivuta pumzi kwa kishindo. Badala yake huacha kupumua kwa muda, midomo ikageuka rangi ya buluu. Huyo apelekwe hospitali saa ileile. Chanjo ya penta, yenye kinga ya kifaduro, hutolewa akiwa na wiki 6, 10 na 14, hivyo wiki za mwanzo hana kinga yake mwenyewe. Nayo kinga ya chanjo hupungua kwa miaka: kaka mkubwa au bibi mwenye kikohozi cha wiki tatu, asiyejiona mgonjwa, ndiye mara nyingi anayempakata.