Mguu wa mbu na msimbo unaodanganya

Mwaka 2016, katika mji wa Kebri Dehar mashariki mwa Ethiopia, watafiti walikamata mbu ambao walihitaji kuhakikiwa maabara. Vipimo vya DNA vilionyesha kuwa ni Anopheles stephensi, mbu wa malaria wa Asia ambaye huzaliana mijini, kwenye matangi na mapipa ya maji. Miaka minne kabla ya hapo alikuwa ameonekana Djibouti. Sasa alikuwa ameingia bara.

Kipimo kimojawapo kilichotumika huitwa msimbo pau wa DNA. Kilipendekezwa mwaka 2003 na Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada. Kama mistari iliyochapwa kwenye pakiti ya sabuni dukani, kipande kifupi cha DNA hutosha kumtaja mdudu. Kipande hicho kinatoka katika jeni iitwayo COI na kina herufi 658 hivi. Mtaalamu huchomoa mguu mmoja wa mbu, huusaga, hutoa DNA, kisha hukizalisha kipande hicho kwa mashine ya PCR hadi kiwe nakala nyingi za kutosha kusomwa. Mfuatano wa herufi hulinganishwa na ule wa wadudu waliokwisha kutambuliwa, uliohifadhiwa katika hazina za kompyuta kama BOLD na GenBank. Kwa kawaida, wadudu wa spishi moja hutofautiana kwa herufi chache mno, na wa spishi mbili kwa nyingi zaidi. Stephensi alijulikana kwa sababu ukoo wake uko mbali na ule wa mbu wenyeji.

Tatizo huanza kwa wenyeji wenyewe. Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis ni spishi mbili za kundi moja, na hata chini ya darubini majike yao hayatofautishiki kwa uhakika. Tabia zao, hata hivyo, zinaachana. Gambiae hupenda damu ya binadamu na hupumzika ndani ya nyumba, kwa hiyo chandarua chenye dawa na dawa-ukoko ukutani humpata sawasawa. Arabiensis hunywa pia damu ya ng’ombe na huuma hata nje. Vyandarua vilipoenea magharibi mwa Kenya, gambiae alipungua sana na arabiensis akachukua sehemu kubwa ya mbu waliokamatwa. Anayepanga dawa lazima ajue ana mbu yupi.

Ukisoma COI ya mbu hawa wawili, unaweza kukuta mfuatano uleule kwa wote. Sababu iko katika mahali jeni hiyo inapokaa. COI imo ndani ya mitokondria, ambayo mtoto huirithi kwa mama tu. Mara chache gambiae na arabiensis hupandana. Watoto wao wa kiume huwa tasa, lakini wa kike huzaa. Binti huyo akipandwa na dume la arabiensis, na mabinti zake vivyo hivyo kwa vizazi vingi, ukoo hugeuka kuwa arabiensis karibu mwili mzima, ilhali mitokondria hubaki ya yule bibi wa gambiae. Msimbo humtaja bibi, na mbu aliye mezani ni mwingine.

Kwa hiyo maabara za Afrika Mashariki hutumia kipimo kingine, kilichochapishwa mwaka 1993 na Scott na wenzake, kinacholenga DNA ya kiini cha seli. PCR moja hutoa vipande vyenye urefu tofauti. Katika jeli, bendi ya herufi 390 ni gambiae, 315 ni arabiensis, na takriban 466 ni merus, mbu wa pwani anayezaliana kwenye maji ya chumvi. Hakuna haja ya kusoma herufi, na gharama hupungua. Hata hivyo kipimo hiki hakimtenganishi gambiae na coluzzii, aliyepewa jina mwaka 2013. Hapo hutakiwa alama nyingine.

Msimbo pau una mtego mwingine: nakala za kale za jeni za mitokondria zilizohamia ndani ya kiini. PCR inaweza kuizalisha nakala hiyo badala ya COI halisi. Dalili yake ni alama ya kusimamisha protini katikati ya jeni, au herufi moja iliyopotea na kuvuruga mpangilio wa zinazofuata. Hazina nayo ikiwa na mbu aliyeandikwa jina lisilo lake, kosa hilo humfuata kila anayelinganisha.

Na pale jeli ya kundi la gambiae inapokosa bendi yoyote, sampuli haifai kutupwa. Huenda DNA imeharibika, au mbu alitambuliwa vibaya kwa macho na si wa kundi hilo kabisa. Kusoma COI yake hutenganisha hali hizo mbili, na ikiwa ni stephensi, hapo ndipo anapojulikana.