Kupiga Picha za Fataki Usiku wa Mwaka Mpya

Usiku wa kuamkia Januari 1, wengi huinua kamera na kuiacha ijipangie yenyewe. Kamera huona anga jeusi, hudhani picha ina giza mno, kisha huongeza mwanga. Ndiyo maana fataki nyekundu hutoka nyeupe pe, tena zimetikisika.

Cheche haikai mahali pamoja, hupita tu. Kwa hiyo mng'ao wa mstari wake hutegemea tundu la lenzi na ISO, si muda ambao shata imebaki wazi. Muda huamua urefu wa mistari na idadi ya milipuko itakayoingia kwenye picha.

Basi funga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, uweke ISO 100, tundu f/11 na shata sekunde 3. Fanya fokasi kwa mkono kwenye taa ya mbali, kisha usiiguse tena. Fataki inapoanza kupaa, fungua shata kwa rimoti, maana hata kidole huitikisa kamera.

Piga moja, uikuze kwenye skrini. Mistari ikiwa imepoteza rangi katikati, nenda f/16. Lakini kama fataki ni nzuri na majengo ya chini ndiyo yaliyoungua, punguza sekunde: majengo hayatembei, hivyo hujaa mwanga kadiri shata inavyokaa wazi.

Milipuko ya mwanzo ndiyo ya kuiwahi, kabla moshi haujatanda. Simama upande upepo unakotoka, moshi uende mbali nawe.